Saa Moja ya Limete

Emilienne alipopewa karatasi ya safari, hakutazama jina la hoteli kule Lomé, wala hakuuliza semina ya wakunga itachukua siku ngapi. Kidole chake kilisimama kwenye mistari miwili ya katikati: kufika Kinshasa, saa tano asubuhi, kuondoka Kinshasa, saa moja na nusu jioni. Saa nane na nusu za kungojea ndege, katika mji ambamo mtoto wake wa kumzaa alikuwa akimwita mwanamke mwingine mama.

Naomie aliondoka Kasongo akiwa na miaka saba, nyonga imeharibika, hawezi kutembea hatua kumi. Olga, dada wa Jean-Marie mumewe Emilienne, ndiye aliyempokea Kinshasa, akamzungusha hospitali mpaka akasimama. Baada ya hospitali ikaja shule, na baada ya shule ikaja miaka. Sasa binti ana miaka kumi na mitano. Kwenye simu husema "Mama" akimwita Olga, na akizungumza na Emilienne husema "Mama wa Kasongo". Wa Kasongo! Kama mchele, unaouzwa kwa jina la mji wake. Na majirani wa huko, Jean-Marie aliponyokwa siku moja akasema, wanamwita Olga "Mama Naomie". Siku hiyo Jean-Marie alilala na njaa, na alistahili.

Usinielewe vibaya. Emilienne alijua kabisa kwamba Olga alimwokoa mtoto. Alijua, na ndiyo iliyomchoma zaidi. Mtu akikuibia, unapiga kelele. Huyu alimsaidia, sasa upige kelele gani?

Alikwenda na karatasi yake kwa Roger, msimamizi wake pale kwenye ofisi ya afya, mtu aliyekwisha kupita uwanja wa ndege wa Ndjili mara nne. Roger alivaa miwani, akageuza karatasi, akaandika nyuma yake.

"Usihesabu saa nane na nusu," akasema. "Hizo ni za kwenye karatasi. Ukishuka, tiketi zako ni mbili, kampuni mbili, kwa hiyo mizigo unaichukua wewe mwenyewe. Kungoja mizigo na kutoka nje, hesabu saa nzima. Ni saa sita. Upande wa pili: ndege ni saa moja na nusu, meza ya kupokea abiria wanaifunga saa moja kabla. Na bado iko foleni ya uhamiaji, iko foleni ya usalama, iko mtu wa kukuuliza kadi ya homa ya manjano. Mimi nakuambia, saa kumi na nusu uwe mlangoni. Sasa imebaki nini?"

"Saa nne na nusu."

"Wifi yako anakaa wapi?"

"Kintambo."

Roger akacheka, lakini si kwa ubaya. "Mama, Kintambo iko upande mwingine wa mji. Kwenda saa mbili. Kurudi saa mbili, tena mchana mji wote unaanza kurudi upande wa Masina, na Masina iko njia moja na uwanja. Utapata nusu saa ya kumwona mtoto, nayo utaitumia kutazama saa. Usiende."

Emilienne akaikunja karatasi yake. Roger alimwona uso, akavua miwani.

"Basi kutaneni katikati. Limete. Kutoka uwanjani ni saa moja, kurudi tuseme saa moja na nusu kwa sababu ya msongamano. Ukiondoka Limete saa tisa juu ya alama, unaiwahi ndege yako. Saa tisa na dakika tano, sijui kitu."

Jumapili iliyofuata, saa kumi na mbili kamili jioni, simu ikalia. Ilikuwa hivyo kila Jumapili kwa miaka minane: saa kumi na mbili kamili, dakika haizidi, dakika haipungui. Emilienne aliichukia hiyo kamili. Aliona ni Olga anampimia mtoto wake kwa kijiko, kama dawa ya kikohozi.

Naomie alifurahi mpaka sauti ikapasuka. Siku ya safari ana mtihani, anatoka shuleni saa sita na nusu, yeye na Olga watakuja mbio, saa nane watakuwa Limete kwenye kituo cha mafuta karibu na mnara. Saa nane mpaka saa tisa. Saa moja nzima!

Kisha Olga akachukua simu. "Wifi, kuhusu hiyo saa, nilitaka nikukumbushe..."

"Saa najua kusoma, wifi," Emilienne akamkata. "Hata sisi wa Kasongo tuko na saa."

"Haya," Olga akasema. "Safari njema."

Na kweli alikuwa na saa. Saa ya mkononi ya mkunga, ya mshale mrefu wa sekunde, aliyohesabia mapigo ya moyo na kuandikia saa za kuzaliwa za nusu ya watoto wa Kasongo. Haijawahi kumdanganya.

Akasafiri siku mbili kwa pikipiki mpaka Kindu, nyuma ya dereva aitwaye Hemedi aliyeimba njia nzima. Kwenye sanduku lake dogo, chini ya nguo za semina, alikunja kikwembe kipya cha Naomie, kitenge kizima kisichokatwa, karanga za kukaanga na mbegu za maboga zilizosagwa. Kwa Olga hakubeba kitu. Alikuwa amekishika kikwembe cha pili pale sokoni, kizuri, cha majani ya kijani, akakirudisha mezani mwenyewe. Kinshasa wana maduka, akajiambia.

Ndege ya Kindu ilipaa saa nne kamili. Emilienne aliangalia mkono. Karatasi ilisema watafika saa tano, saa moja tu angani. Saa tano ikafika, chini bado msitu. Saa tano na nusu, msitu. Magurudumu yalipogusa Ndjili, mshale ulikuwa saa sita kamili. Hakushangaa. Ndege za kwetu zikichelewa saa moja tu, watu hushukuru. Lakini ile saa iliyoliwa angani ilitoka kwenye hesabu ya Roger.

Mizigo ikachukua muda wake uleule, saa nzima. Alipokanyaga nje, mkono wake ulisema saa saba. Akasimama kando ya mlango, sanduku mguuni, watu wa teksi wamemzunguka, akahesabu upya. Saa saba sasa. Limete saa nane. Kuondoka saa tisa. Bado inawezekana, ila hakuna hata dakika ya kupotea njiani. Angekuwa mtu mwingine, angekaa kwenye benchi, anunue soda, ampigie mtoto simu aseme tutaonana Mungu akitaka. Emilienne aliwaza ule uso asioujua, uso wa miaka kumi na mitano, akaingia kwenye teksi.

Njia siku hiyo ilikuwa laini. Saa nane kasorobo ya mkono wake alikuwa tayari ameketi kwenye kituo cha mafuta, mnara mkubwa mbele yake, mkono juu ya sanduku. Alijifuta vumbi usoni kwa leso. Alijipaka mafuta mdomoni. Kila msichana aliyeshuka kwenye gari alimsimamisha moyo, kisha akaonekana ni wa mwingine.

Saa nane. Hakuna mtu.

Saa nane na robo. Akapiga simu ya Olga. Ikalia mpaka ikachoka.

Saa nane na nusu akapiga tena. Ikalia, ikalia. Hapo ndipo roho ikaanza kusema naye. Anaiona, inasema, anaiacha ilie. Kwa nini mtihani uwe siku hii hii? Nani alisema mtoto hawezi kuomba ruhusa? Kwa nini Olga asimlete asubuhi mpaka uwanjani, kama kweli alitaka? Mtu aliyemfanya mtoto wako awe wake kwa miaka minane, leo atakuletea kwenye kituo cha mafuta, akupe mkononi? Anaogopa. Anaogopa mtoto akimwona mama yake mwenyewe, damu itamwita. Aka! Emilienne, mjinga wewe, umetoka Kasongo kuja kufanywa mjinga barabarani!

Nami nitasema jambo moja hapa, halafu niendelee. Wivu una akili sana. Unapanga mambo vizuri, kila kitu mahali pake, mpaka unashindwa kuona pa kupinga.

Saa tisa kasoro dakika kumi alisimama. Saa tisa kasoro dakika tano akatembea mpaka ukingoni mwa barabara, akarudi, akatembea tena. Saa tisa juu ya alama, kama Roger alivyosema, akasimamisha teksi ya kurudi. Alipofunga mlango macho yalikuwa yamejaa, na hakuwa na aibu nayo. Alilia mbele ya abiria watatu na dereva, na mmoja wao, mzee wa watu, akamsogezea nafasi ya sanduku.

Walikuwa hawajafika mbali simu ilipotetemeka mkobani. Jina la Olga. Emilienne alilitazama.

"Ilie," akasema kwa sauti. "Nayo ilie."

Ililia mara nne. Hakuipokea.

Uwanjani alifika akiwa mkavu wa macho na mgumu wa shingo. Akaburuta sanduku mpaka ndani, akatafuta meza ya ndege ya Lomé. Ilikuwa tupu. Hakuna mtu, hakuna foleni, taa juu yake imezimwa. Wamefunga! Akamkimbilia mwanamke mmoja aliyevaa sare.

"Mama, ndege ya Lomé imeniacha?"

Yule mwanamke alicheka kidogo. "Ikuache iende wapi? Hata meza hawajafungua. Watafungua saa kumi na nusu. Hii ni saa tisa tu."

"Saa kumi," Emilienne akasema, akamwonyesha mkono.

Yule akautazama mkono, kisha akamtazama yeye. "Umetoka wapi, mama?"

"Kasongo."

"Ah. Saa yako bado iko kwenu Maniema. Huku tuko nyuma yenu saa moja. Ukivuka kutoka mashariki, unairudisha. Hawakukuambia?"

Alimwonyesha saa ya ukutani. Emilienne aliitazama muda mrefu. Saa tisa na dakika mbili. Ndege ya asubuhi haikuchelewa hata kidogo. Alifika kwa wakati wake, akatoka kwa wakati wake, na pale Limete alikaa kuanzia saa saba kasorobo ya Kinshasa, akiwangoja watu waliosema watafika saa nane. Na saa nane ya Kinshasa ilipofika, yeye akafunga mlango wa teksi. Saa yake moja na mtoto, ile saa aliyoihesabu mpaka usingizini, ilianza dakika ileile aliyoikimbia.

*Wifi, kuhusu hiyo saa, nilitaka nikukumbushe.*

Niwaambie, watu: aibu ya namna hiyo ina joto. Ilimpanda kutoka kifuani mpaka masikioni. Akakaa juu ya sanduku lake katikati ya ukumbi, akapiga.

Olga alipokea kabla haijalia mara mbili. "Wifi! Uko wapi? Tumefika saa nane na dakika tano, tuko hapa mpaka sasa, mtoto anakutafuta kila mahali! Umepata ajali?"

"Niko uwanjani," Emilienne akasema. "Niliondoka. Niliona... Wifi, sikurudisha saa."

Akangoja. Alingoja cheko, angalau lile la puani. Alikuwa amelistahili, na alikuwa tayari ameliandalia chuki. Olga hakucheka.

"Nilikupigia kwenye simu," Olga akasema tu. "Na zako za kwanza sikuzisikia, tulikuwa juu ya wewa, pikipiki za abiria za huku, na kelele yake."

"Nakuja huko," Emilienne akasema, tayari amesimama. "Meza inafungwa saa kumi na mbili na nusu. Sasa ni saa tisa. Saa moja kuja, nakaa nusu saa, saa moja na nusu kurudi..."

"Wewe usitoke!" Olga alimpigia kelele kama mtu anayemvuta mtoto barabarani. "Sikia. Kuja huku utakuja, barabara ni nyeupe. Kurudi ndiyo hapana. Masina kuna lori limelala katikati, nimeliona kwenye simu za watu hapa, wamefunga upande mzima wa kwenda uwanjani. Ukitoka sasa, ndege inaondoka bila wewe, na watu wa ofisi ya afya waliokutuma utawaambia nini? Sisi hatuna ndege. Tunakuja sisi, wewa itapenya. Kaa hapo, peana mzigo wako wakifungua, chukua karatasi yako ya kupandia, halafu toka nje kwenye maegesho. Usiingie kwenye uhamiaji. Ukishaingia, huko hawatuachi."

Simu ikakatika. Emilienne akabaki ameishika. Ilikuwa hesabu sahihi, kila kituo chake, na hakuna mahali ambapo Olga alijiwekea kitu chochote.

Basi akangoja. Saa kumi na nusu ya ukutani meza ikafunguliwa. Akawa wa tatu kwenye foleni. Kabla ya kulitoa sanduku alitoa kikwembe na vifurushi viwili, akavifunga kwenye leso. Sanduku likaenda, karatasi ya kupandia ikaja. Saa kumi na moja na robo alikuwa nje, chini ya jua la magharibi, amesimama mahali ambapo pikipiki zinazuiwa na watu wanaendelea kwa miguu. Alijipangia mwenyewe mwisho: saa kumi na mbili kasorobo anarudi ndani, wawe wamefika au hawakufika. Alijua kama hakujipangia, hangeweza.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na tano akawaona. Kwanza alimwona Olga, kwa sababu Olga ndiye aliyekuwa anachechemea. Mwanamke wa Kintambo, wigi limekaa upande, vumbi mpaka kwenye nyusi, na pembeni ya mguu wake alama nyekundu ambapo bomba la moshi la wewa lilimuunguza. Kando yake, akikimbia, wala hachechemei, wala nyonga haimsumbui, msichana mrefu wa sare ya bluu na nyeupe.

"Mama!" msichana akapiga kelele.

Hakusema wa Kasongo. Alisema Mama, akamwangukia shingoni kwa uzito wake wote, na Emilienne, ambaye ameshika mikononi mwake watoto wasiohesabika, hakujua pa kuweka mikono. Alimshika kichwa. Alimshika mabega. Aliishika ile nyonga kwa kiganja, palepale barabarani, kama mkunga, kuhakikisha.

"Imepona," Naomie akasema huku akilia na kucheka. "Imepona tangu zamani, Mama."

Alipomshika mkono wa kushoto ndipo alipoiona. Saa ya plastiki, ya bei ndogo, mkanda umeshonwa kwa uzi mweusi. Emilienne aliitazama mara moja, akaitazama tena. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na nane. Akaangalia mkono wake mwenyewe, ambao bado hakuurudisha. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na nane.

"Hii saa yako," akasema polepole. "Haiko ya huku."

"Ni saa ya kwako," Naomie akasema. "Mama Olga aliniwekea nilipofika, hospitalini. Nilikuwa nalia usiku. Akaniambia, ukiangalia hii utajua mama yako sasa anafanya nini. Ya kwanza iliharibika, na ya pili, hii ni ya tatu. Jumapili naangalia hii, ikifika saa kumi na mbili, umeshatoka zamu, umeshakaa, nakupigia."

Emilienne akamgeukia Olga. Olga alikuwa anajifuta vumbi, uso pembeni, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

Sitasema wivu uliisha. Haukuisha. Wakati ule ule alipomtazama, uliuma upya, na mahali pengine: kwamba mwanamke huyu alimlinda mtoto hata dhidi ya kumsahau yeye, na yeye hakumletea hata karanga. Alifungua leso. Akatoa kikwembe, yadi sita, akakiweka mikononi mwa Olga.

"Hiki ni cha mtoto," Olga akasema, akikirudisha. "Nimeiona rangi, ni ya kisichana."

"Mukate," Emilienne akasema. "Mushone wote wawili." Kisha, kwa sababu lilikuwa limekaa kooni tangu saa tisa: "Wifi, nilikufikiria vibaya leo. Si leo tu."

"Najua," Olga akasema. "Nami siku ukipiga simu, mtoto akicheka na wewe sana, huwa naenda kuosha vyombo ambavyo vimeshaoshwa."

Wakatazamana. Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyeangalia pembeni.

Dakika zilizobaki walizitumia kula karanga, wamesimama, Naomie katikati, akieleza mtihani. Saa kumi na mbili kasorobo ya Kinshasa, dereva wa wewa, jirani yao wa Kintambo, mtu mzima mwenye tumbo, alipunga mkono kutoka mbali. Giza lilikuwa linakuja, na Kintambo ilikuwa mbali.

"Mama Naomie!" akaita. "Mama Naomie, twende!"

Wanawake wote wawili wakageuka.

Olga akajikaza, uso ukamwiva, akafungua mdomo kusema kitu. Emilienne akamtangulia.

"Ni wewe anakuita," akasema. "Nenda, wifi. Mutafika usiku."

Akambusu mtoto, akamkaza mkanda wa saa yake uliokuwa umelegea, akaingia ndani kukamata foleni ya uhamiaji.